Barua kwa mwanangu: kuhusu lile jibu la friji

"Mama, jana kwenye usaili waliniuliza ningefanya nini nikikuta friji ya chanjo inasoma nyuzi −2 asubuhi. Nikajibu kwamba ningetazama alama kwenye vichupa, na kama ziko sawa ningeendelea kuchanja. Nikiwaandikia ujumbe mfupi kurekebisha, si nitaonekana nabembeleza kazi?"

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako alfajiri nikamsomea na baba yako, naye, kama unavyomjua, akaanza palepale kukutungia barua ya kurasa mbili. Mimi sijali sana utakavyoonekana; kinachonikosesha raha ni hilo jibu lenyewe. Kama ungekuwa umebabaika tu ulipoambiwa ujieleze, au umesahau kutaja semina uliyohudhuria, ningekuambia uyaache yapite, kwa maana wasaili huyaona hayo kila siku na kuyaandikia barua ni kuwakumbusha walichokwisha kusahau. Lakini jibu ambalo likifuatwa mtoto atachomwa chanjo iliyokwisha kuharibika halifanani na hayo.

Unajua vizuri, maana ulinieleza mwenyewe ulipokuwa mafunzoni, kwamba kile kimraba kilichomo ndani ya duara kwenye lebo huonyesha joto tu. Kichupa kinaweza kuganda usiku kucha, na asubuhi kimraba kikabaki cheupe kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo ulikitegemea kipimo hicho mahali ambapo hakioni kabisa. Ungeulizwa kuhusu nyuzi 11 jibu lako lingekuwa na mantiki. Kwa nyuzi −2, chanjo ya matone ya polio na ya surua hazina neno, ila pentavalenti, pepopunda na ile ya saratani ya mlango wa kizazi huharibika zikiganda, na hazirudi hata zikiyeyuka. Kama kwenye meza ile alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kutunza chanjo, basi aliliandika jibu hilo.

Na kama hakuwapo? Hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu tangu asubuhi. Yawezekana hakuna aliyetambua kosa, nawe ukiandika utakuwa umewaonyesha shimo ambalo wangelipita bila kuliona. Hata hivyo narudi kwenye neno langu la siku zote, ambalo wewe na kaka yako mlikuwa mkiliigiza mezani: ghala huharibiwa na anayenyamaza. Mtu anayeomba kazi ya kutunza chanjo anaomba kazi ya kutoa taarifa mapema kipimajoto kinaposoma vibaya, na sioni kwa nini jambo hilo lianze baada ya kuajiriwa.

Kuna kisa sijawahi kukusimulia vizuri. Nilipokuwa ghala la dawa niliitwa kukaa kwenye jopo la kumtafuta mtunza ghala msaidizi, tukabaki na vijana wawili waliolingana alama. Mmoja wao alikuwa amesema kwamba dawa zilizoingia kwanza ndizo hutoka kwanza. Kesho yake asubuhi akaacha mapokezi karatasi ya nusu ukurasa, iliyoandikwa kwa mkono, akieleza kwamba jibu lake halikutosha, kwa sababu shehena ya Machi inaweza kuwa na tarehe ya kuisha iliyo karibu kuliko ile ya Januari, hivyo kinachotangulia kutoka ni kile kinachotangulia kuisha muda. Hakuomba radhi wala kubembeleza. Mwenyekiti wetu alisoma mstari wa kwanza, akasema usaili umefungwa, akaiweka karatasi ile chini ya kikombe chake cha chai. Taarifa yetu ilikuwa haijatiwa saini hadi alasiri! Kazi akapewa yule mwingine, na mpaka leo nikikumbuka lile duara la chai juu ya mwandiko wake safi roho inaniuma. Sisemi mwenyekiti hakuwa na hoja, maana yule mwingine hakupata nafasi ya pili, na haki ya mmoja isiwe dhuluma kwa mwenzake. Lakini angeisoma yote kwanza, ndipo akatae.

Basi angalia kwanza umesailiwa na nani. Ingekuwa ni usaili wa serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, ambako wote huulizwa maswali yaleyale na kila msaili hujaza alama zake, nisingekusumbua, kwa kuwa ujumbe wako usingekuwa na mahali pa kuingia. Shirika kama hilo ulilokwenda jana kwa kawaida hukaa siku kadhaa kabla ya kuandika mapendekezo, kwa hiyo ujumbe unaofika leo kabla ya saa sita unaweza kusomwa pamoja na karatasi za jopo, ilhali unaofika wiki ijayo utaonekana umeandikwa na mtu aliyeona simu hailii. Upeleke kwa ofisa rasilimali watu aliyekuita, kwa anwani ileile ya barua pepe, ukimwomba aufikishe kwa jopo. Namba ya simu ya yule daktari aliyekaa kwenye jopo unayo, najua, lakini usiitumie. Huko ndiko kubembeleza kwenyewe.

Mimi ningeandika hivi, wewe utapunguza:

"Nashukuru kwa usaili wa jana wa nafasi ya ofisa chanjo. Jibu langu kuhusu friji iliyosoma nyuzi −2 halikuwa sahihi, kwa sababu alama ya kwenye kichupa haionyeshi kuganda. Ningetenga chanjo zinazoharibika kwa kuganda na kuziandika 'zisitumike', ningesoma kumbukumbu za joto ili kujua friji ilishuka kwa muda gani, na ningemjulisha msimamizi wa wilaya. Vichupa vilivyokutwa vimeganda visingetumika tena. Vyenye shaka ningevifanyia jaribio la kutikisa. Naomba maelezo haya yafikishwe kwa jopo."

Umeona kwamba hakuna "nilikuwa na wasiwasi" wala "naomba mnifikirie". Usiongeze jibu la swali jingine hata kama unalo zuri zaidi, kwa sababu ukisahihisha matatu wataanza kujiuliza ni lipi ulilolijua. Na usiandike jambo usiloweza kulieleza wakikupigia simu. Wakikuuliza kuhusu jaribio la kutikisa, uwe tayari kusema kwamba unachukua kichupa cha chanjo ileile, cha kiwanda kilekile na toleo lilelile, unakigandisha makusudi mpaka kiwe barafu, unakiyeyusha, kisha unakitikisa pamoja na kile chenye shaka na kuviweka mezani bega kwa bega. Chenye shaka kikituama haraka sawa na kile ulichogandisha, au zaidi, hakifai. Kikituama polepole kuliko hicho, kinatumika. Ukishindwa kulieleza bila kusoma mahali, liondoe kwenye ujumbe, ubakize kutenga na kutoa taarifa.

Sitakuambia utume au usitume, kwa maana kazi ni yako na wasaili umewaona wewe, ingawa nadhani unaisikia sauti yangu mpaka huko. Kama yule daktari aliguna ulipotaja alama, ujue aliona, na hapo sioni unachopoteza. Kama waliitikia wote na kuendelea na swali linalofuata, hesabu inakuwa ngumu kidogo, japo kwangu mimi anayenyamaza ni yuleyule.

Baba yako anasisitiza uweke aya kuhusu kidato cha nne chako. Usiweke.

Mama yako