PLA inayeyuka nyuzi 170, kwa nini inalegea kwenye dashibodi?

*"Nimeprinti kishikio cha simu kwa PLA nikakibandika kwenye dashibodi. Karatasi ya vipimo inasema PLA inayeyuka nyuzi 170, na ndani ya gari hapafiki hata 90. Saa mbili za jua tu, mkono umeinama mpaka chini. Tatizo ni nini? Nikikioka kwenye oveni kitapona, au nitafute plastiki nyingine?"*

Ndugu, kishikio chako hakikuyeyuka. Namba ya 170 ni ya kweli, ila haikuhusu wewe. Inayokuhusu ni nyingine, ambayo kwa PLA iko kati ya nyuzi 55 na 60: joto la mpito wa kioo, linaloandikwa Tg.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Chini ya Tg minyororo hiyo imeganda mahali pake. Haina mpangilio, lakini haiwezi kupishana, kwa hiyo kitu kinakuwa kigumu kama kioo. Ukivuka Tg, vipande vya mnyororo vinapata nafasi ya kucheza na kupishana, na plastiki inageuka kuwa kama mpira. Mpito huu hauhitaji kitu kiyeyuke. Kuyeyuka ni jambo la fuwele, yaani zile sehemu ambamo minyororo imejipanga sambamba na kushikamana. Fuwele huvunjika kwenye joto la kuyeyuka, Tm, ambalo kwa PLA ni kama nyuzi 150 hadi 180 kutegemea aina. Pasipo na fuwele, hakuna cha kuyeyuka, na Tm haina kazi yoyote ya kukulinda.

Kishikio kilichotoka kwenye printa karibu hakina fuwele kabisa. PLA huzijenga polepole: hata kwenye joto linaloipendeza zaidi, karibu nyuzi 105 hadi 110, huhitaji dakika kadhaa. Uzi unaotoka kwenye pua ya printa unapita eneo hilo kwa sekunde chache, halafu unaganda ukiwa bado umesokotana ovyo, hali inayoitwa amofasi.

Hapa ndipo karatasi za vipimo zinapowachanganya wengi. Joto la kuyeyuka hupimwa kwa mashine ya DSC, inayopasha moto miligramu chache za plastiki taratibu, mara nyingi nyuzi 10 kwa dakika, huku ikipima joto linaloingia na kutoka. Ukiweka kipande cha PLA ya amofasi, mchoro unaonyesha ngazi ndogo karibu na 60, ambayo ndiyo Tg. Kisha kati ya 90 na 120 kunatokea kilima cha joto linalotoka: hapo fuwele zinajengwa ndani ya mashine yenyewe. Mwisho, karibu na 170, kuna bonde la joto linaloingia, fuwele zinapoyeyuka. Kwa hiyo fuwele nyingi zilizoyeyuka kwenye kipimo hazikuwamo kwenye kitu chako. Zilizaliwa wakati wa kipimo.

Ukipata mchoro kama huo, toa joto la kujenga kwenye joto la kuyeyusha, kisha gawa kwa 93, ambayo ni jouli kwa gramu za PLA inayohesabiwa kuwa fuwele tupu. Kwa mfano, kuyeyusha kukiwa 32 na kujenga 27, zinabaki 5. Hiyo ni kama asilimia 5 tu ya fuwele. Anayesoma 32 peke yake atadhani ana asilimia 34, na atakosea vibaya.

Sasa tuhesabu mkono wako. Sijui vipimo vyake, kwa hiyo tuchukue urefu wa milimita 80, upana 20, unene 5, na simu ya gramu 200 ikining'inia mwishoni, yaani nguvu ya nyutoni 2 hivi. Mkono ulioshikwa upande mmoja hushuka kwa d, ambapo F ni nguvu, L urefu, b upana na h unene:

```
d = F·L³ / (3·E·I)      I = b·h³/12
I = 20·5³/12 = 208 mm⁴
d ≈ 1640 / E            (d kwa mm, E kwa MPa)
```

E ni moduli, kipimo cha ukakamavu wa plastiki yenyewe. Kwenye joto la kawaida PLA ina kama 3300 MPa, hivyo mkono unashuka nusu milimita. Huoni kitu. Dashibodi ikifika 75, PLA ya amofasi imeshavuka Tg na moduli yake imeporomoka hadi megapaskali chache. Weka 5 kwenye fomula, unapata zaidi ya milimita 320, mara nne ya urefu wa mkono wenyewe. Fomula hii ni ya mipindo midogo, kwa hiyo usiichukue kama kipimo halisi. Maana yake ni kwamba mkono unalala kabisa, kama ulivyoona. Ukakamavu umepungua zaidi ya mara mia tano ndani ya nyuzi kama 15.

Linganisha na polipropilini. Tg yake iko kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na sifuri, maana yake hata kwenye joto la chumba imeshavuka mpito wake. Kwa hesabu ya Tg peke yake ingekuwa mpira, lakini si mpira, kwa sababu karibu nusu yake ni fuwele, nazo hudumu hadi karibu nyuzi 165. Fuwele hizo ni kama mafundo yanayoshika sehemu zilizolegea. Ndiyo maana moduli yake haiporomoki ghafla, inateremka taratibu: kama 1500 MPa kwenye joto la kawaida, na mia kadhaa ikifika 75. Ukiweka 500, mkono unashuka milimita 3.3. Na fuwele za polipropilini hujengwa haraka kiasi kwamba kwenye kipande cha unene wa kawaida huwezi kuzizuia hata ukitaka.

Polikaboneti iko upande mwingine kabisa. Haina fuwele za kuhesabika, lakini Tg yake iko karibu 147. Kwenye 75 bado ni kioo, moduli kama 2100, mkono unashuka milimita 0.8. Ukikaribia 140 nayo itaporomoka vilevile kama PLA.

Kwa hiyo ukisoma plastiki yoyote, uliza kwanza Tg iko wapi ukilinganisha na joto la matumizi. Iko juu kwa nyuzi 15 au 20? Uko salama, hata bila fuwele. Iko chini? Basi fuwele ndizo zitabeba mzigo, na lazima ujue kama zipo kweli kwenye kipande chako. Ule ukingo wa nyuzi 15 si wa kupamba: plastiki iliyobebeshwa mzigo huanza kutambaa polepole hata kabla ya kufika Tg.

Kuhusu oveni: ndiyo, inasaidia, lakini usitegemee ukakamavu wa asubuhi ya baridi. PLA ikishajenga fuwele kiasi cha asilimia 30 hadi 40, kwenye 75 moduli yake inabaki mia chache za megapaskali. Ukiweka 300, mkono unashuka milimita 5.5. Haulali, ila unainama kiasi cha kuonekana. Ongeza unene kutoka 5 hadi 10, na kwa kuwa unene unaingia kwa kipeo cha tatu, mshuko unagawanywa kwa 8 na kufika milimita 0.7. Unene na fuwele vikienda pamoja ndiyo dawa. Unene peke yake kwa PLA ya amofasi hautoshi: 328 ukigawanya kwa 8 bado ni 41.

Printi kipande kikiwa kimejazwa asilimia 100. Kizike kwenye chombo cha chumvi laini kavu iliyoshindiliwa vizuri pande zote, kwa sababu kati ya nyuzi 60 na wakati fuwele zinapoanza kushika, kipande kitakuwa laini kama mpira na kitainama kwa uzito wake mwenyewe. Hapo ndipo vipande vingi huharibika. Pasha oveni hadi 105 au 110, na pima kwa kipimajoto tofauti kilichowekwa pembeni ya chombo, maana oveni nyingi hupanda na kushuka sana kuzunguka namba uliyoweka. Chumvi hupitisha joto polepole, kwa hiyo ile saa moja ya kuoka anza kuihesabu pale chumvi ya katikati inapofika 100, si pale unapofunga mlango. Kisha zima, acha kipoe ndani mpaka chini ya 50 kabla ya kufukua.

Usijaribu kuharakisha kwa nyuzi 140. Karibu na joto la kuyeyuka mbegu za fuwele huzaliwa chache, na kazi inakwenda polepole zaidi. Wala usikae 70 ukidhani ni salama: minyororo inacheza, lakini kwa uzito sana, na utasubiri muda mrefu kwa matokeo kidogo.

Kipande kitabadilika vipimo. Uzi ulivutwa wakati wa kuprinti, na ukilegea hujikunja, kwa hiyo kitapungua kuelekea upande wa mistari na kunenepa kwenda juu. Kiasi hutegemea uzi wako na mipangilio ya printa, basi oka kwanza ufito wa milimita 100, upime, ndipo urekebishe mchoro. Matundu ya skrubu toboa baada ya kuoka.

Utajuaje kama fuwele zimejengwa? PLA isiyo na rangi hubadilika kutoka angavu kuwa nyeupe ya maziwa, kwa sababu fuwele hutawanya mwanga. Yenye rangi haikuonyeshi kitu, kwa hiyo chovya ufito kwenye maji ya nyuzi 75 kwa dakika tano huku umeshikwa upande mmoja na gramu 50 zikining'inia upande wa pili. Ukilala, fuwele hazipo. Na ikiwa umeoka saa nzima kwa joto sahihi na bado unalala, lawama ni ya uzi: PLA yenye sehemu kubwa ya umbo la D la asidi laktiki, kuanzia karibu asilimia 10, haijengi fuwele hata uisubiri siku nzima. Aina zenye talki ndani hujenga haraka, kwa sababu chembe za talki huwa mbegu.

Kama unanunua nyingine, angalia joto la kupinda chini ya mzigo, HDT, na usome mzigo uliotumika. Polipropilini huandikwa kama 95 kwa mzigo wa 0.45 MPa, lakini kwa 1.8 MPa hushuka hadi 55 hivi. Polikaboneti ni kama 140 na 130. Pengo kubwa linakuambia uko kwenye mteremko ambako ukakamavu unapungua kidogo kidogo. Pengo dogo linakuambia kuna ukingo mmoja, nao ni Tg. Nailoni 6 yenye nyuzi za kioo asilimia 30 huruka kutoka karibu 65 hadi 200 kwa mzigo wa 1.8, wakati polikaboneti ikipewa kioo hichohicho inapanda nyuzi kama 10 tu. Ndani ya nailoni fuwele hudumu hadi 220, na nyuzi za kioo zinapata kitu cha kushikilia. Ndani ya polikaboneti, Tg ikipita, hakuna kinachozishika.

Kwa kishikio hiki ningechukua polikaboneti kama printa yako inafikisha joto lake, au ningeoka PLA yenye talki kwa unene wa milimita 10.