Muhtasari wa wakala wa ajira una kosa: rekebisha kabla haujamfikia mwajiri

*"Wakuu, wakala kanitumia muhtasari alioniandikia. Kaandika nina miaka 7 na nusu ya uhasibu na kwamba nina CPA(T). Ukweli miaka ya mwanzo nilikuwa keshia, na mitihani ya NBAA nimemaliza hatua ya kati tu. Anautuma kesho asubuhi. Nimwambieje bila kupoteza nafasi?"*

Mkuu, mpigie leo hii, kisha umwandikie. Simu kazi yake ni moja tu, kumzuia asitume: "Naomba usiupeleke kwanza, kuna sehemu mbili si sahihi, nakuandikia sasa hivi." Usimweleze marekebisho yenyewe kwa mdomo. Huyu mtu ana waombaji wengi mezani, ukimtajia tarehe kwenye simu ataziandika nusu, na utapata kosa jipya juu ya lile la zamani.

Ukiandika, jibu kwenye barua pepe ileile iliyoleta muhtasari, ili maneno yake na yako yakae pamoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaandika "naomba uangalie tena uzoefu wangu" wakidhani wakala atajua aguse wapi. Hatajua. Mpe sentensi iliyokamilika, ainakili na kuibandika bila kufikiri.

Kwa kesi yako, tuseme ukeshia ulikuwa Januari 2018 hadi Juni 2020, ukakaa miezi sita bila kazi, kisha ukawa mhasibu msaidizi Januari 2021 hadi Juni 2025. Ile 7 na nusu inaonyesha alichukua tarehe ya kwanza na ya mwisho akatoa, akameza pengo na kazi ya awali. Andika hivi, ukiweka tarehe zako halisi:

> Palipoandikwa: "Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka 7 na nusu, ana CPA(T)."
>
> Naomba pasomeke: "Mhasibu msaidizi kwa miaka 4 na nusu (Januari 2021–Juni 2025), kabla ya hapo keshia kwa miaka 2 na nusu (Januari 2018–Juni 2020). Amefaulu hatua ya kati ya mitihani ya NBAA. Hatua ya mwisho bado."
>
> Nimeambatanisha matokeo ya NBAA na vyeti vya utumishi. Naomba unitumie muhtasari uliorekebishwa kabla haujaenda.

Cheti cha utumishi ni haki yako chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mwajiri anatakiwa akupe unapoondoka. Kama hukupewa, taarifa ya michango yako ya NSSF inasaidia kwa tarehe, kwa kuwa inaonyesha mwajiri gani alikuchangia miezi ipi. Haitaonyesha cheo, kwa hiyo kwa suala la ukeshia tumia barua ya ajira.

Najua kinachokuuma: kosa lenyewe linakubeba. Liondoe hivyo hivyo. CPA(T) ni kitu ambacho mwajiri anakiuliza NBAA na kupata jibu, na tarehe za kazi mdhamini wako atazitaja mwenyewe akipigiwa. Ikigundulika wakati huo, hakuna atakayekumbuka kwamba aliyeandika ni wakala, maana muhtasari una jina lako juu.

Kama tangazo linataka miaka 5 ya uhasibu, basi 4 na nusu itaonekana pungufu, na wakala anaweza kukuambia "acha tu ipite". Muulize badala yake kama mwajiri anahesabu ukeshia, hasa kama ulikuwa unafanya usuluhishi wa benki au kuandaa vocha. Kama ulifanya kweli, hayo yaandikwe kwenye mstari wa ukeshia, mwajiri aamue akiona kila kitu. Muhtasari wa namna hii unapita mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu miaka kwenye tangazo aghalabu ni kipimo cha kuanzia mchujo.

Ukirudishiwa, usitazame ile mistari miwili tu. Fungua faili lote, usome na jina lake. Mawakala wengi wana nakala ya Word wanayoihariri na ya PDF wanayotuma, na mara nyingine Word inarekebishwa huku PDF ya zamani ndiyo inayokwenda. Angalia pia kama wasifu wako wenyewe umeguswa, maana wengine wanaufuta namba za simu na kuuandika upya, na kosa lilelile linajirudia humo.

Ukikuta ameshatuma, omba atume masahihisho kwa mwajiri mwenyewe, wewe ukiwa kwenye nakala, yakisema muhtasari mpya unachukua nafasi ya ule wa kwanza. Akikataa kuweka jina lako kwenye nakala, akutumie alichoandika. Asipojibu kabisa, mkumbushe kwa maandishi kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Ukiitwa kwenye usaili kabla hajafanya hivyo, nenda na nakala zako na uyaseme wewe dakika za mwanzo, wakikuomba ujitambulishe: cheo, tarehe, hatua ya NBAA uliyofikia, halafu endelea na usaili.