Insulini mbili jioni, jasho saa nane usiku: tofauti iko kwenye saa

"Wakuu naomba kueleweshwa. Nina chupa mbili, moja kama maji nyingine kama maziwa, nachoma zote saa moja jioni kabla ya kula. Usiku wa manane nashtuka nimeloa jasho, ila asubuhi sukari iko juu. Wenzangu wanasema kuna za haraka na za saa 24. Tofauti ni nini hasa?"

Mkuu, hayo mambo nimeyapitia miezi kadhaa, nikidhani kosa ni langu kwa sababu nakula kidogo usiku. Kumbe shida ilikuwa saa ya kuchoma.

Tuanze na hizo chupa zako. Ile angavu kama maji ni insulini ya kawaida, ya muda mfupi. Ukiichoma chini ya ngozi inachukua kama nusu saa hadi saa nzima kuanza kazi, nguvu yake inafika kileleni kati ya saa 2 na 4, na mkia wake unaweza kufika saa 8. Inachelewa kwa sababu ndani ya chupa chembe zake zimeshikana sita sita kuzunguka madini ya zinki, na haziwezi kupenya kuingia kwenye damu mpaka ziachane kwanza. Ndiyo maana inatakiwa uichome dakika 30 kabla ya kula. Mimi mwaka mzima nilikuwa nachoma huku sahani iko mezani, na hakuna aliyeniambia. Matokeo yake sukari ilipaa saa 2 baada ya chakula, halafu inaporomoka baadaye, chakula kimeshaisha tumboni na dawa ndiyo kwanza imechangamka.

Ile nyeupe ni ya muda wa kati, kwenye chupa imeandikwa NPH. Hiyo imefungwa na protini iitwayo protamini ili iachie kidogo kidogo. Inaanza baada ya saa 1 hadi 2, wakati mwingine zaidi, inadumu saa 12 hadi 18 hivi, na kilele chake ni kipana, popote kati ya saa ya 4 na ya 10 tangu uchome. Watu wengi hawakijui hicho kilele. Wanaambiwa tu "hii ni ya kushikilia usiku", wanadhani inakwenda sawasawa mpaka asubuhi. Haiendi sawasawa, ina mlima.

Sasa pigia hesabu sindano ya saa 1 jioni. Ya maji inakuwa kileleni kati ya saa 3 na saa 5 usiku, na mkia wake bado upo saa 6, saa 7. Ya maziwa nayo inaanza kupanda mlima kuanzia saa 5 usiku. Kwa hiyo mkia wa moja na mlima wa nyingine vinakutana usiku wa manane, saa zilezile ambazo mwili unahitaji insulini kidogo kuliko wakati wowote, na wewe umelala, huli. Ikifika alfajiri mambo yanageuka. Mwili unatoa homoni za kuamka, ini linamwaga sukari, na ile ya maziwa ndiyo inaishiwa nguvu. Hapo ndipo unapopata sukari ya chini usiku na ya juu asubuhi kwa sindano ileile.

Daftari langu la wakati huo lilisomeka hivi: saa 1 jioni, yuniti 6 za maji na 14 za maziwa. Saa 8 usiku, 3.1 mmol/L, jasho, mikono inatetemeka, nimekunywa maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Saa 1 asubuhi, 13.4. Nilichokuwa nafanya kwa ujinga ni kuiangalia hiyo 13.4 peke yake na kuongeza dozi ya jioni. Nilipofika yuniti 16 za maziwa usiku ukawa mbaya zaidi, na asubuhi haikushuka hata kidogo, maana nilikuwa naamka kula sukari kila siku.

Daktari aliona daftari, akauliza swali moja tu: "Ya maziwa unachoma saa ngapi?" Akazitenganisha. Ya maji ikabaki kabla ya chakula cha jioni, nusu saa kabla. Ya maziwa akaisogeza hadi saa 4 usiku wakati wa kulala, na akaipunguza hadi yuniti 12. Kwangu mlima huwa unafika kama saa ya 7 baada ya kuchoma, kwa hiyo badala ya kuangukia saa 8 usiku ukaangukia saa 11 alfajiri, pale pale homoni zinapoamka. Wiki hiyo nilipima saa 8 usiku siku nne mfululizo: haikwenda chini ya 5.8. Asubuhi nikawa kwenye 7 na 8.

Wewe usinakili yuniti zangu. Chukua vipimo vya saa 8 usiku vya siku tatu nne, ndivyo vya kumpelekea daktari wako. Na ukiamka na jasho, pima kwanza kama unaweza, kunywa kitu cha sukari, pima tena baada ya dakika 15.

Kabla hujalaumu saa, hakikisha unaichanganya vizuri hiyo ya maziwa. Inatulia, unga mweupe unakaa chini. Viringisha chupa kati ya viganja polepole mara 10 hadi 20 mpaka iwe rangi moja, usiitikise kwa nguvu. Usipofanya hivyo leo unavuta nyepesi, kesho nzito, na hakuna hesabu itakayokubali. Ikibaki na mabonge, au imeganda kama barafu kwenye kioo, tupa.

Hao wenzako wa "za haraka" wanatumia aina kama lispro na asparti. Zimebadilishwa kidogo ili chembe zisishikane kwa nguvu, kwa hiyo zinaanza ndani ya dakika 15 hivi, kilele saa 1 hadi 2, na zimeisha ndani ya saa 3 hadi 5. Mkia wake mfupi ndio faida kubwa usiku. Za saa 24, mfano glargini, hazina mlima wa kueleweka: inakaa chini ya ngozi kama punje ndogo ndogo na kuyeyuka taratibu. Degludeki inapita saa 42, ndiyo maana ukibadilisha dozi yake usitegemee kuona matokeo kesho yake. Glargini usiichanganye na nyingine kwenye bomba moja, ina asidi.

Mimi sasa niko kwenye ya haraka na glargini, na usiku umetulia. Ila zina mtego wake: zote ni angavu, hakuna tena maziwa ya kukuonya. Usiku mmoja, taa imezimwa, nilijichoma yuniti 14 za ile ya haraka nikidhani ni glargini. Nilishtuka peni ikiwa bado mkononi. Nilimpigia simu daktari, nikakaa macho na mke wangu tukila na kupima kila nusu saa mpaka saa 9. Tangu siku hiyo peni ya usiku imefungwa mpira mnene shingoni, naitambua hata gizani, na inakaa chumba kingine.