Mkufu wangu na uwiano wa 80

"Nina mkufu wa karati 21, gramu 8. Nasikia uwiano wa dhahabu na fedha ukipita 80, fedha ni rahisi. Niubadilishe kwa sonara hapa Tanga?"

Dada, anza na mizani. Karati 21 ni sehemu 21 kwa 24, kwa hiyo dhahabu halisi humo ni gramu 7. Uwiano wa 80, yaani gramu moja ya dhahabu kwa gramu 80 za madini ya fedha, unakupa gramu 560 za fedha, kwenye karatasi tu. Sonara atakata chake akinunua mkufu, na akikuuzia bangili za fedha utalipia pia ufundi, ambao haurudi ukija kuziuza.

Sasa hiyo 80 si dari. Uwiano uliivuka mwaka 2018, na Machi 2020 ukapita 120, kwa sababu fedha hutumika sana viwandani na viwanda vilikuwa vimesimama. Hapo gramu 560 zingekurudishia dhahabu pungufu ya gramu 5. Mapema 2021 ulishuka chini ya 70, ungepata zaidi ya gramu 8. Ishara ilikuwa ya kweli, ila ilichelewa zaidi ya miaka miwili.

Kama utahitaji pesa kabla ya muda kama huo kupita, usiuguse mkufu. Na kabla ya kuamua, waulize masonara wawili bei ya kununua na ya kuuza, siku hiyohiyo.