Gorogoro lililosawazishwa: lini ukurasa wa daftari ni ushahidi

*Swali: Daktari, niko mwaka wa pili wa uzamili katika anthropolojia. Kuanzia Januari hadi Machi nilikaa na wauza omena katika soko la Kibuye, Kisumu, na nina madaftari matatu. Ninachodai ni kwamba muuzaji humdai mteja bila kulitaja deni, kwa jinsi anavyompimia. Kwenye rasimu ya kwanza msimamizi aliandika, "Hadithi tamu, hoja iko wapi?" Nikakata maelezo. Kwenye ya pili akaandika, "Hoja nimeiona, ushahidi uko wapi?" Nikate nini, nibakishe nini? Nimeambatisha rasimu zote mbili na kurasa chache za daftari.*

Msimamizi wako hajipingi, dada. Mara ya kwanza ulijaza vitu ambavyo hoja yako haivihitaji, na ulipokuja kukata ukaondoa kile kimoja kilichokuwa kinaibeba. Nitakuonyesha kwa ukurasa wako mwenyewe, ule wa daftari la pili. Naunakili kama ulivyo, M. akiwa ndiye muuzaji:

"Saa mbili kasoro. Mnunuzi wa kwanza anataka gorogoro moja. M. anajaza, anaongeza kiganja, kilele kinamwagikia guniani. Hakuna aliyemwomba. Anakuja wa pili, ana mtoto mgongoni. M. anajaza, anapitisha kiganja juu, omena inarudi guniani. Wa pili: 'Medna.' M. anafunga mfuko: 'Mwezi umewaka, omena hakuna.' Wa pili anacheka kidogo, hachukui mfuko. Anafungua fundo la leso, anatoa noti ya mia, anaiweka juu ya gunia: 'Hiyo ni ya ile.' M. anafungua mfuko, anaongeza viganja viwili. Jirani wa kushoto anatazama pembeni. (Nadhani ni deni. Sikuuliza mbele za watu.)"

Huu ni ukurasa mzuri. Katika rasimu ya kwanza uliutanguliza na aya mbili za jua kuchomoza, mikokoteni na harufu ya samaki, ukauweka wote, kisha ukarukia madeni kwa ujumla. Katika ya pili ukabakisha sentensi moja: "Wauzaji hudai madeni kwa kubana kipimo (Daftari la 2, uk. 31)." Namba ya ukurasa wa daftari ambalo hakuna mwingine atakayelifungua si ushahidi. Ni kumwomba msomaji akuamini.

Wengi wetu tulifundishwa "maelezo mazito" kana kwamba ni maelezo marefu. Clifford Geertz, mwanaanthropolojia aliyelieneza neno hilo mwaka 1973 baada ya kuliazima kwa mwanafalsafa Gilbert Ryle, alitumia mfano wa kope. Vijana wawili wanafumba jicho moja. Kwa mmoja kope imecheza yenyewe, mwingine anamkonyeza mwenzake. Ukipiga picha, macho yote mawili ni sawa. Uzito wa maelezo unatokana na kile kinachomwezesha msomaji kujua kwamba huyu amekonyeza na yule hakukonyeza. Unaweza kuandika kurasa tatu za rangi na harufu, na maelezo yakabaki mepesi.

Kiganja cha M. juu ya gorogoro ni kope yako. Kamera ingeona mama anasawazisha kipimo, basi. Huenda ni mchoyo. Huenda hamjui mteja. Huenda omena ni haba. Huenda anadai. Hoja yako inataka la mwisho, kwa hiyo kazi ya maelezo yako ni kuyafunga yale mengine matatu, moja baada ya jingine, mbele ya macho ya msomaji.

Gumu zaidi ni la uhaba, kwa sababu M. amelisema kwa kinywa chake. Na hakusema ovyo. Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, mavuno hupungua na bei hupanda. Msomaji yeyote aliyekulia Usenge au Homa Bay ataisoma dondoo yako na kusema, "Mwezi tu huo, deni limetoka wapi?" Jibu lake unalo: ni mnunuzi wa kwanza. Asubuhi ileile, gunia lilelile, gorogoro lilelile, mwezi uleule, na yeye alipata kilele bila kuomba. Ndiye uliyemkata katika rasimu ya pili, ukaandika pembeni "hahusiki na deni". Kwa kuwa hahusiki na deni, ndiye anayeonyesha kwamba uhaba peke yake haukutosha kuufanya mkono ule upite juu ya kipimo. Uchoyo nao unaanguka hapohapo. La kutomjua mteja linafungwa na maneno "ya ile": mtu hasemi "ya ile" kwa mgeni.

Kwa hiyo sentensi ya mwezi usiiguse, hata kama inakusumbua. Kuna kupunguza kwa aina mbili katika kunukuu daftari. Unaweza kuondoa kisichosaidia wala kudhuru, ukaweka nukta tatu. Huwezi kuondoa kinachompa msomaji njia ya kukupinga. Yule jirani aliyetazama pembeni ningemtoa. Ulitaka awe dalili ya aibu ya hadharani, lakini mtu hutazama pembeni kwa sababu mia.

Mimi ningeiandika hivi:

"M. hakumtajia mteja deni, lakini kipimo chake kilibadilika na kurudi kwa kufuata malipo. Siku hiyo mwezi ulikuwa mkubwa na omena ilikuwa haba sokoni." Hapo inakuja dondoo, kuanzia "Mnunuzi wa kwanza" hadi "viganja viwili". Kisha: "M. alitoa uhaba kama sababu, na uhaba ulikuwapo. Hata hivyo dakika chache kabla alikuwa amemwongezea mteja mwingine kutoka gunia hilohilo. Neno 'mwezi' lilimwezesha kubana bila kudai, na noti ilipowekwa juu ya gunia uhaba haukutajwa tena. Mteja naye hakuuliza 'ya nini?', alilijibu dai ambalo halikutamkwa."

Tazama kwamba mwezi sasa umekuwa sehemu ya hoja yenyewe. Ulidai kwamba deni halitajwi. Sasa unaweza kusema pia ni kitu gani kinatajwa badala yake. Hukuhitaji data mpya. Ulihitaji kukaa na mistari kumi badala ya kuipita. Sentensi inayotangulia dondoo isidai zaidi ya kinachoonekana ndani yake, na ile inayofuata isiwe muhtasari. Ukijikuta unaandika "kama tunavyoona hapo juu, M. alisawazisha kipimo", futa. Tumeshaona.

"Medna" umeiacha kwa Kijaluo, vizuri. Msomaji wa Mombasa mwambie mara moja kwamba ni "niongezee", kisha endelea.

Mabano yako ya mwisho, "Nadhani ni deni," hayaingii katika dondoo kama ushahidi. Ni wewe unayesema. Lakini usiyafiche. Andika kwamba siku ile ulidhani, na kwamba ulithibitisha baadaye. Katika daftari la tatu M. anakueleza akiwa nyumbani kwake: "Mtu akikawia, mkono wangu unakuwa mwepesi." Hiyo ni dhahabu, ila ni ushahidi wa aina nyingine. Gunia linatuonyesha anachofanya, sebule inatuambia anavyokieleza. Weka sebule baada ya gunia. Wanafunzi wengi huanza na nukuu ya mahojiano kwa sababu inasema hoja waziwazi, halafu tukio linabaki kuwa picha ya kupamba.

Na hakikisha hayo maneno ya mkono mwepesi ni yake. Nasema hivi kwa kuwa limenipata. Wakati wa utafiti wangu wa udaktari niliandika maelezo ya siku mbili kwa mkupuo, nikiwa nimechoka, nikampa mzee mmoja sentensi nzuri sana ndani ya alama za kunukuu. Miezi baadaye nilikuta kijikaratasi nilichokwaruzia palepale. Mzee alikuwa amesema neno moja. Sentensi ilikuwa yangu. Tayari nilikuwa nimeijengea nusu ya sura. Tangu hapo alama za kunukuu naziweka tu kwa maneno niliyoyaandika yakiwa moto. Mengine naripoti bila alama, na msomaji anaiona tofauti.

Msimamizi atakuuliza pia kama tukio moja linatosha. Kuonyesha jinsi jambo linavyofanyika, linatosha. Kudai kwamba wauza omena wa Kibuye hufanya hivyo mara nyingi, halitoshi. Pitia madaftari yote matatu, uorodheshe kila upimaji ulioushuhudia ambapo ulijua kama mteja anadaiwa, na uandike alipata kilele au hakupata. Idadi hiyo, hata ikiwa ndogo, inakaa katika sentensi moja baada ya tukio. Na mipaka yake uiseme: uliondoka Machi, na kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa. Katika miezi hiyo huenda kipimo kikabanwa kwa kila mtu, na kiganja kikapoteza maana uliyoiona.

Katika orodha hiyo anza na wifi yake M. Yupo kwenye kurasa ulizonitumia: anadaiwa tangu Krismasi, na bado anapata kilele kila mara. Katika rasimu zote mbili hayupo. Najua ni kwa nini umemwacha, anaivuruga hoja. Lakini daftari lako linaonyesha pia kwamba deni lake hutajwa, tena kwa sauti, na mama mkwe, nyumbani. Ikiwa ndivyo, basi kiganja ni lugha ya kumdai mtu ambaye huna mahali pengine pa kumdai, na hiyo ni hoja kali kuliko uliyonayo sasa. Mpe aya yake mara tu baada ya tukio la gunia, na ufute ile namba ya kibanda cha M. uliyoiacha katika ukurasa wa nne, isije ikamtambulisha.