Barafu hadi mvuke: chora kwanza, hesabu baadaye

Nilipokuwa mwaka wa tano wa sekondari hapa Bukavu, tulipewa hesabu hii: gramu 100 za barafu ya nyuzi −10 zipashwe hadi ziwe mvuke wa nyuzi 120. Joto kiasi gani linahitajika? Nikachukua Q = m × c × ΔT, nikaweka 100, 4.18 na 130, nikapata jouli 54,340. Nikafunga kaye nikaenda zangu. Jibu la kweli ni zaidi ya mara tano ya hilo.

Juzi mdogo wangu kaanguka shimo lile lile. "Yaya, si inatoka −10 inafika 120? Tofauti ni 130, basi." Nikamwambia aweke mashine ya kuhesabu chini, achukue biki achore: nyuzi zinapanda wima, joto tunalotia linakwenda mlalo. Mchoro unatoka na vipande vitano. Vitatu vinapanda: barafu, maji, mvuke. Viwili vimelala kabisa, kimoja kwenye 0, kingine kwenye 100.

Vile vilivyolala ndivyo vilivyonimaliza mimi. Pale joto linaingia lakini nyuzi hazisogei, kwa kuwa linatumika kuachanisha molekuli, si kuziongezea mbio. ΔT ni sifuri, kwa hiyo fomula ya mcΔT haioni kitu. Hapo hutumika Q = m × L, na L ni joto fiche: jouli 334 kwa gramu kuyeyusha barafu, 2,260 kuchemsha maji hadi yawe mvuke. Ya pili inaizidi ya kwanza karibu mara saba. Barafu ikiyeyuka molekuli zinalegea tu, bado zinagusana. Mvuke unataka kila moja iende peke yake.

Sasa twende na gramu zetu 100. Barafu kutoka −10 hadi 0 hutumia jouli 2.1 kwa gramu kwa kila nyuzi, yaani 100 × 2.1 × 10 = jouli 2,100. Kuyeyuka ni 100 × 334 = 33,400. Maji kutoka 0 hadi 100 ni 100 × 4.18 × 100 = 41,800. Kugeuka mvuke ni 100 × 2,260 = 226,000. Mvuke kutoka 100 hadi 120, kwa 2.0, unaongeza 4,000. Jumla ni jouli 307,300.

Angalia ile ya nne: peke yake imekula karibu robo tatu. Ukifika mvuke na kipande hicho si kikubwa kupita vyote, rudi nyuma, umekosea mahali. Mara nyingi kosa ni vipimo. Vitabu vingine vinatoa L kwa kilojouli kwa moli, 6.01 na 40.7, na mtu anazidisha na gramu moja kwa moja. Gawa kwanza gramu kwa 18, ambazo ni gramu za moli moja ya maji: 100 ÷ 18 ni moli 5.56, mara 40.7 ni kilojouli 226, ile ile. Halafu usijumlishe 226 za kilojouli na 2,100 za jouli kama ndugu wa tumbo moja. Kosa jingine ni kuongeza 273 kwenye tofauti. Kutoka −10 hadi 0 ni hatua 10, iwe kwa Selsiasi au kwa Kelvini.

Mdogo wangu hakuridhika na mchoro. Tukaweka sufuria kwenye mbabula, barafu na kipimajoto ndani. Koroga bila kuacha, maana usipokoroga maji ya chini yanapata moto wakati barafu bado inaelea juu, na utadhani hakuna kipande cha kulala. Tulipokoroga, kipimajoto kilikaa karibu na 0 hadi barafu ikaisha. Halafu kikapanda, kikaja kugoma kwenye 95.

"Yaya, kimekufa."

Hakijafa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Nikampa ahesabu upya: maji hadi 95 ni 39,710, kuchemka kwa joto hilo kunataka kama 2,270 kwa gramu, yaani 227,000, mvuke kutoka 95 hadi 120 ni 5,000. Pamoja na hatua mbili za kwanza anapata 307,210. Jumla haijasogea sana, ni mpaka kati ya vipande uliohama. Kwenye mtihani andika 100, isipokuwa swali limetaja mwinuko au kanieneo.

Kipande cha tano hatukukiona. Kwenye sufuria wazi mvuke unaondoka zake kabla ya kufika 120. Kuupasha zaidi kunataka chombo cha kuuzuia, na hilo si jambo la kujaribia kwenye mbabula ya mama.