Kujitambulisha mbele ya baraza bila kujipigia debe

*Swali: Mimi ni mthamini wa majengo hapa Kisumu. Nilihitimu 2011, nikasajiliwa 2015. Mpangaji mmoja ameniita nikatoe ushahidi kwenye baraza linaloamua kesi za kodi za maduka, na pande zote mbili zinataka Kiswahili. Nimeandika: "Mimi ni mtaalamu mwenye sifa zote zinazohitajika na nimekuwa nikifanya uthamini kwa zaidi ya miaka kumi." Mke wangu anasema najigamba. Nisemeje?*

Mama watoto ana sikio zuri. "Sifa" haina neno kwenye tangazo la kazi, lakini ukijitamkia mwenyewe mbele ya watu, wanasikia unajisifu. Tena utaalamu wako ni wao wa kuuamua. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu. Wewe waeleze ulisoma nini na unafanya nini, wapime wenyewe.

Chunga nyakati za vitenzi. Masomo yamekwisha, kwa hiyo "nilisoma, nikahitimu" inafaa. Usajili je? Ukisema "nilisajiliwa 2015" ukakomea hapo, wakili wa upande wa pili atauliza, "Na sasa?" Ana haki, maana -li- haisemi kama jambo lingalipo. "Nimesajiliwa tangu 2015" inamfungia mlango huo. "Nimekuwa nikifanya" si kosa, ila "nafanya" inatosha.

Na "uthamini" ufafanue. Kwa wengi, kumthamini mtu ni kumjali, na mwenye duka asingependa kubaki akijiuliza unalijali duka lake kivipi.

Mimi ningesema hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naitwa Fulani. Kazi yangu ni kukadiria bei ya majengo na kodi inayofaa kulipwa. Nilisomea kazi hiyo chuo kikuu, nikahitimu mwaka wa 2011. Nimesajiliwa na bodi ya wathamini tangu 2015, na cheti changu ninacho hapa. Maduka ya Kibuye na Kondele nayakadiria mara kwa mara. Duka hili nililipima mwenyewe, nikalinganisha kodi yake na ya maduka jirani. Aliyeniita ni mpangaji, na ndiye anayenilipa. Nyufa za ukutani niliziona, lakini kama jengo ni salama, hilo ni la mhandisi."

Sentensi mbili za mwisho wengi huziruka, na ndizo ninazozipenda zaidi. Ukitaja mipaka yako mapema, hakuna atakayekuvuta uzungumzie nguzo na msingi. Kuhusu malipo, usiseme "nafanya kazi kwa niaba ya mpangaji", ingawa ndivyo barua za ofisi huandikwa. Anayesimama kwa niaba ya mtu ni wakili wake. Wewe umeitwa na mpangaji, lakini unalieleza baraza, na hata mpangaji akichukia kiwango cha kodi ulichokipata, kitabaki kilekile.